Kodi imefika, nyumba haijulikani: kisa cha barua ya mwenye ploti Migosi

Ploti yenyewe iko Migosi, Kisumu, na ina nyumba 12. Sita ni bedsita za shilingi 6,500 kwa mwezi, zimeandikwa A1 hadi A6 mlangoni. Sita nyingine zina chumba cha kulala na sebule, ni za 11,000, nazo ni B1 hadi B6. Mwenye ploti ni mwalimu mstaafu, wapangaji humwita Mama, na ana nyumba nyingine nne Nyamasaria. Mimi ndiye humwekea hesabu. Kwa miaka mingi mtunza ploti alikuwa akipita mlango kwa mlango mwanzo wa mwezi, anapokea pesa taslimu na kukata risiti papo hapo. Mwezi wa nne Mama aliamua pesa zote ziingie benki moja kwa moja, na akabandika barua kwenye geti:

"Kuanzia mwezi huu kodi ya nyumba ilipwe kwa apu ya benki kabla ya tarehe 5. Namba ya akaunti ni hii hapa chini. Usisahau kutuma Reference. Pesa mkononi haitapokelewa tena. Asante."

Barua fupi, ya heshima, na kwa mtu anayeisoma haraka haina kasoro. Lakini kufikia tarehe 6 ilikuwa imezaa ugomvi ambao ulichukua karibu mwezi mzima kuisha, na chanzo ni ile sentensi ya tatu.

Chukua zile nyumba sita za 11,000. Kwenye taarifa ya akaunti, malipo matatu yalikuwa wazi, kwa sababu majina ya waliotuma ni majina yaliyo kwenye mikataba. Zikabaki nyumba tatu ambazo hatukujua hali yake, B2, B4 na B5, na malipo mawili yasiyo na mwenyewe. La kwanza liliingia tarehe 3, shilingi 11,000, kutoka kwa mwanamume ambaye jina lake halikuwa kwenye mkataba wowote. Mahali pa maelezo paliandikwa RENT, basi. La pili liliingia tarehe 4, shilingi 11,000 vilevile, kutoka kwa mwanamke, na mahali pa maelezo palikuwa patupu.

Mama akakisia, kama ambavyo mtu yeyote angekisia. B2 anakaa mama ambaye ploti nzima humjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo yule mwanamke lazima ni yeye. B5 anakaa kijana peke yake, na mkataba wake ulisainiwa kwa jina moja tu na namba ya simu, kwa hiyo yule mwanamume lazima ni yeye. Risiti zikakatwa hivyo. B4, ambaye ni dada anayefanya kazi ya saluni, akapelekewa ilani ya malimbikizo.

"Mama, nimelipa tangu tarehe tatu, angalia vizuri," alisema alipopiga simu.

"Jina lako silioni hapa, binti yangu."

"Na reference si nilikutumia kwa WhatsApp?"

Alikuwa amemtumia kweli. Alifanya hasa kile ambacho barua ilimwambia: usisahau kutuma. Kodi ya mwezi huo ilikuwa imelipwa na kaka yake aliye Eldoret, kutoka kwenye akaunti ya kaka huyo. Benki ilipomrudishia ujumbe wenye namba ndefu ya muamala, kaka alimtumia dada, naye dada akaisambaza kwa Mama. Kati ya wapangaji 12, saba walielewa barua kwa namna hiyohiyo. Simu ya Mama ilijaa namba ndefu za herufi na tarakimu, huku kule kwenye taarifa ya benki, mahali pa kuandika nyumba pakiwa patupu.

Hizi ni namba mbili tofauti na zina kazi mbili tofauti. Moja huandikwa na anayelipa, kabla ya kubonyeza kutuma, na husafiri pamoja na pesa hadi kwenye taarifa ya anayepokea. Nyingine hutolewa na benki baada ya pesa kwenda, kama ushahidi kwamba muamala ulifanyika. Hii ya pili ni muhimu siku pesa zikipotea, lakini haimwambii mwenye nyumba chochote kuhusu mlango gani umelipiwa. Tena pesa zikitoka benki moja kwenda nyingine, mara nyingi namba anayoiona mtumaji haifanani na ile inayotokea upande wa mpokeaji, kwa sababu kila benki ina namba zake. Ile ya kaka wa Eldoret tuliitafuta kwenye taarifa ya Mama na haikuwepo. Tuliyafananisha malipo kwa njia nyingine: kiasi, tarehe, saa kwenye ujumbe wake, na jina lake kamili. Vyote vinne viliangukia ule mstari wa tarehe 3 wenye neno RENT.

Kwa hiyo B4 alikuwa amelipa, na B5 alikuwa hajalipa lakini ameshika risiti. Kijana hakuomba risiti hiyo, aliletewa, na alinyamaza. Kuifuta ilibidi mtunza ploti na Mama wakae naye chini, wamwonyeshe mstari wenyewe na jina la aliyetuma. Alikubali, na akalipa kwa awamu mbili. Angekataa, Mama angekuwa na kazi ngumu, kwa sababu risiti iliyosainiwa na mwenye nyumba ndiyo karatasi ambayo mpangaji angeionyesha popote wangekwenda kusikilizwa.

Kabla ya kuandika barua mpya tulifanya jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alifanye kwanza. Tuliwauliza wapangaji wanatumia benki zipi. Zilikuwa nne. Tukamwomba mpangaji mmoja wa kila benki atume shilingi 100, tukazihesabu kama sehemu ya kodi yake, ili tuone maandishi yao yanatokea wapi kwenye taarifa ya Mama na yanatokea vipi. Hapo ndipo tulipojifunza mambo ambayo hayawezi kukisiwa ukiwa umekaa mezani. Kila apu inaita ile nafasi jina lake: kwenye moja ni Reference, kwenye nyingine Narration, nyingine Reason, na nyingine Remarks. Apu moja ilikataa kistari, kwa hiyo MIG-B4 haikupita kabisa. Nyingine ilikubali maandishi marefu lakini kwenye taarifa yakatokea yamekatwa, na kilichokatwa ni mwisho, ambako ndiko mpangaji alikuwa ameandika namba ya nyumba baada ya maneno "kodi ya nyumba ya mwezi wa tano".

Ndiyo maana alama ya nyumba ikawa fupi na bila nafasi wala kistari: MIGB4. MIG ni Migosi, kwa sababu Nyamasaria nako kuna B1 na B2, na pesa zote zinaingia akaunti moja. B ni safu, 4 ni mlango. Haina herufi O wala I karibu na tarakimu, ambazo mtu huzichanganya na sifuri na moja. Na alama ni ya nyumba, si ya mtu. Akilipa kaka, mume, mwajiri au rafiki, bado ni MIGB4.

Tulibishana kidogo kuhusu mwezi. Mama alitaka mpangaji aandike MIGB4 MEI, halafu MIGB4 JUNI, na kuendelea. Inaonekana ni busara, lakini mimi niliipinga na bado naipinga. Wapangaji wengi hawaandiki malipo upya kila mwezi. Wanafungua yale ya mwezi uliopita na kuyarudia, au wameiambia benki itume yenyewe kila tarehe 1. Maandishi ya zamani hubaki pale pale, na kufikia mwezi wa tisa bado apu inasema MEI. Hapo mwenye hesabu anaanza kujiuliza kama huyu analipa deni la Mei au amesahau kubadilisha. Alama isiyobadilika huondoa swali hilo, mradi barua iseme waziwazi kwamba pesa inayoingia hulipia kwanza mwezi wa zamani ambao haujalipwa. Mwezi unaandikwa kwenye risiti, na mwenye hesabu, si kwenye apu.

Kuna njia moja ambayo barua mpya iliikataza, na wapangaji walitaka kujua sababu. Benki nyingi zina namba ya Paybill ya kupokelea pesa kutoka M-Pesa, kwa mfano 247247 ya Equity na 522522 ya KCB. Ukiweka pesa kwenye akaunti ya mtu kwa njia hiyo, pale M-Pesa inapokuomba Account number unaandika namba ya akaunti ya benki. Nafasi hiyo ni moja tu, na imeshajazwa. Hakuna mahali pengine pa kuandika MIGB4. Pesa itafika salama, kwa haraka, na haitasema ni ya nyumba gani. Mwenye nyumba aliye na Paybill yake mwenyewe hana tatizo hili, kwa kuwa mpangaji wake huandika nyumba pale pale kwenye Account number. Lakini kwa Mama, ambaye ana akaunti ya kawaida tu, apu ya benki ndiyo yenye nafasi ya ziada.

Mpangaji aliye benki moja na Mama hutuma ndani ya benki hiyo. Aliye benki nyingine hutumia PesaLink, ambayo iko ndani ya apu za benki nyingi na hupeleka hadi shilingi 999,999 kwa mara moja, usiku na mchana, hata Jumapili, na pesa hufika papo hapo. Kitu cha kuangalia ni kwamba PesaLink inaweza kutuma kwa namba ya simu au kwa namba ya akaunti. Kwa kodi, chagua akaunti. Ukituma kwa simu, pesa huenda kwenye akaunti ambayo mwenye simu aliiunganisha na namba hiyo, na kwa Mama hiyo ni akaunti nyingine kabisa, ya pensheni.

Hii ndiyo barua iliyotoka mwezi wa tano. Namba za akaunti na simu nimeziacha wazi.

"Wapangaji wapendwa,

Barua hii inachukua mahali pa ile ya mwezi wa nne. Ile ya kwanza haikueleza vizuri, na wengine wenu mlisumbuliwa ilhali mmelipa. Poleni.

Kodi hulipwa kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi, kwa apu ya benki yako, kwenye akaunti namba ________, benki ________, tawi la Kisumu. Jina la akaunti ni ________. Apu ikikuonyesha jina kabla hujaweka namba ya siri, lisome. Likiwa si hilo, usitume.

Nyumba yako ina alama yake. Imeandikwa kwa kalamu juu ya barua hii na pia nyuma ya mlango wako. Kwa mfano, nyumba B4 ni MIGB4. Unapojaza malipo, apu itakuuliza maelezo au sababu ya kulipa. Mahali hapo panaweza kuitwa Reference, Narration, Reason au Remarks. Andika hapo alama ya nyumba yako tu. Usiongeze jina, mwezi, wala neno kodi. Kama unalipiwa na mtu mwingine, mpe alama hiyo pamoja na namba ya akaunti.

Ukiwa benki nyingine, chagua PesaLink, halafu chagua kutuma kwa akaunti, si kwa namba ya simu. Tafadhali usilipe kodi kupitia Paybill ya benki, kwa sababu huko hakuna mahali pa kuandika nyumba.

Tuma kiasi kamili. Ada ambayo benki yako inatoza iko juu ya kodi, haitolewi ndani yake. Maji hulipwa pamoja na kodi, kwa alama ileile, na jumla yake utaletewa na mtunza ploti kwa karatasi kabla ya tarehe 28. Dipoziti ya mpangaji mpya hutumwa peke yake, na alama yake huongezwa herufi D mwishoni, kwa mfano MIGB4D.

Pesa ikiingia hulipia kwanza mwezi wa zamani ambao haujalipwa. Risiti yako itasema ni mwezi gani.

Huna haja ya kutuma namba ya muamala wala picha ya skrini. Risiti utaipata baada ya pesa kuonekana kwenye akaunti, si zaidi ya siku mbili za kazi. Usipoipata, mpigie mtunza ploti, umtajie kiasi, tarehe, saa na jina la aliyetuma.

Ukikosea alama, usijaribu kurudisha pesa. Tujulishe tu, tutarekebisha huku. Ukikosea namba ya akaunti, piga simu benki yako saa hiyohiyo, kwa sababu pesa hiyo haijafika kwetu na sisi hatuwezi kuivuta.

Akaunti hii haitabadilishwa kwa ujumbe wa simu wala WhatsApp. Ikibadilika, nitakuja mwenyewe na barua niliyoisaini. Ukipokea ujumbe wowote wa kukuambia utume kodi mahali pengine, hata ukiwa na jina langu, usitume. Nipigie kwa namba ambayo umekuwa nayo siku zote.

Wenu,
Mama mwenye ploti"

Aya ya ada iliingia kwa sababu ya mpangaji wa A3, ambaye mwezi wa nne alituma 6,450. Aliona benki inamtoza, akaona ni haki kukata huko. Hakuwa mjanja, ni kwamba hakuna aliyemwambia. Shilingi 50 ni kidogo, lakini kwenye daftari nyumba hiyo inasomeka ina deni, na deni hilo hubebwa kwenda mwezi unaofuata. Likirudiwa miezi kadhaa, linakuwa maneno mlangoni.

Aya ya picha ya skrini ilimsumbua Mama zaidi. Aliona ni kama anawaambia wapangaji kwamba hawaamini. Nilimweleza kwamba picha ya ujumbe wa benki mtu anaweza kuitengeneza kwa simu, na pia anaweza kutuma ya mwezi uliopita bila kukusudia. Risiti ikikatwa kwa picha, tumerudi palepale pa B5. Mstari kwenye taarifa ya akaunti ndio unaokata risiti, na mpangaji mwaminifu hapotezi chochote kwa kusubiri siku mbili.

Ile herufi D ya dipoziti ni kwa ajili ya KRA. Nyumba 12 za Migosi zikijaa zinaleta 39,000 za bedsita na 66,000 za safu ya B, jumla 105,000 kwa mwezi, yaani 1,260,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba anayepata zaidi ya 288,000 na hadi milioni 15 kwa mwaka hulipa ushuru wa mapato ya nyumba kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5 ya kodi aliyopokea bila kutoa gharama. Kwa Migosi pekee ni 7,875. Dipoziti inayorudishwa mpangaji akihama si kodi. Ikiingia na alama ileile ya kodi, mwenye hesabu ataihesabu kama mapato, na Mama atatozwa ushuru kwa pesa ambayo si yake. Maji ni rahisi kutenganisha, kwa kuwa karatasi ya mtunza ploti inaonyesha kiasi cha kila nyumba.

Mwezi wa tano, malipo 11 kati ya 12 yaliingia na alama sahihi. La kumi na mbili lilikuwa la A6, ambaye ni mlinzi, na kodi yake hulipwa na kampuni iliyomwajiri. Kampuni hutuma malipo mengi kwa pamoja, na maelezo yake yamewekwa na ofisi yao kwa wafanyakazi wote. Mlinzi aliomba yabadilishwe, akaambiwa haiwezekani. Kwa mtu kama huyo barua haisaidii. Tulichofanya ni kuandika kwenye daftari, mbele ya MIGA6, jina la kampuni kama linavyotokea kwenye taarifa ya akaunti, na mlinzi akasaini pembeni kwamba pesa ikija kwa jina hilo ni ya nyumba yake. Siku mfanyakazi mwingine wa kampuni hiyohiyo atakapopanga Migosi, mpango huo utavunjika, na mmoja wao itabidi alipe mwenyewe kwa apu.